Kreta Iliyovaa Shati Jeupe

Simu yangu imejaa picha za Ngorongoro ambazo si za Ngorongoro. Ni picha za mashati. Ni picha za vipara, taa za dari ya basi, mapazia ya zambarau yenye vishada, na mkono uliokamata simu. Nyuma ya vitu vyote hivyo, ukikodoa macho sana, utaona kitu cha kijani kibichi kimejificha kama mdaiwa. Hicho ndicho kreta.

Wanaonitumia ni ndugu zangu. Wakija kututembelea huku Oloipiri kwa basi linalopita Karatu, wakishapanda ukingo wa kreta hupatwa na wazimu. Kila mtu simu juu, kila mtu anabofya, na mtandao ukirudi picha zinamiminika kwangu mimi, mtu ninayeishi wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, ili eti nishangae. Nashangaa kweli. Shangazi yangu alinitumia picha ya Ziwa Magadi, lile lililo chini ndani ya kreta, na juu ya maji kulikuwa na methali nzima ya khanga, inasomeka kinyumenyume kuanzia kulia. Nilichukua kioo cha kunyolea ndevu nikaisoma vizuri. Ilikuwa inawasema majirani.

Ukiwauliza, wote wana jibu moja: kioo kilikuwa kichafu. Utingo naye analaumiwa kwa kutoosha gari. Nimechoka na jibu hili. Mimi nimefundisha sayansi ya shule ya msingi hadi nikaota mvi, na nasema uchafu wa kioo una makosa yake, ila hili si lake. Uchafu hutia ukungu na madoa. Hauwezi kuandika methali. Kilichoandika methali ni kioo kile kile kikiwa safi kabisa, kwa sababu kioo hakipitishi mwanga wote. Kila uso wa kioo hurudisha takriban sehemu nne katika mia ya mwanga unaoupiga moja kwa moja, na kioo kina nyuso mbili, ya ndani na ya nje. Jumla nane. Ukikitazama kwa ubavu, kinarudisha zaidi.

Sehemu nane katika mia zinaonekana ni kidogo, kama chenji ambayo konda anasema atakupa mbele ya safari. Lakini hebu tupige hesabu, maana nilikuwa napenda hesabu na wanafunzi wangu walikuwa hawapendi. Lami inaishia lango la Lodoare. Kutoka hapo basi linapanda kwa kona ndani ya msitu wa ukingoni, msitu mzito wenye kiza hata saa nne asubuhi. Majani ya msitu kama huo hurudisha kwenye macho yako labda sehemu tano tu katika mia ya mwanga unaoyaangukia. Wewe umekaa dirishani na shati jeupe la kusafiria, lile la kuonyesha watu kwamba unatoka mjini, na jua linaingia dirisha la upande wa pili linakupiga kifuani. Shati jeupe hurudisha kama themanini katika mia. Kioo kinachukua nane katika mia ya hizo themanini na kuzirudisha kwenye simu yako. Ni sita na kitu. Msitu una tano, shati lina sita. Shati limeshinda uchaguzi, na ushindi wake ni halali.

Ndiyo maana basi likitoka msituni na upeo ukafunguka, kreta yote imelala chini yako mita kama mia sita, anga limewaka, ghafla yule mtu wa kwenye kioo anafifia. Hajashuka. Yupo pale pale na shati lake, ila nje kumekuwa na mwanga mwingi kumshinda. Ndugu zangu huniambia kioo "kimejisafisha" hapo juu. Kioo hakijajisafisha tangu kitoke kiwandani.

Sasa mtu akishaelewa hivyo, kazi iliyobaki ni moja tu: upande wako uwe na giza. Huwezi kuongeza mwanga wa kreta. Unaweza kupunguza wa shati. Vaa nguo nyeusi, au ya bluu ya giza, au jifunike kitu. Kitambaa cheusi hurudisha labda tano katika mia, na nane katika mia ya hizo tano ni chini ya nusu. Msitu wenye tano zake haumwoni kabisa mpinzani wa namna hiyo.

Lakini mwambie mtu wa kwetu avae nyeusi kwenye safari! Basi la kuja huku ni bustani ya mashuka mekundu. Mbele shuka jekundu, nyuma shuka jekundu lenye mistari ya bluu, na mzee wa siti ya jirani amejifunga mawili kwa sababu ya baridi ya ukingoni. Nimeona picha ya kreta ambamo nyati walikuwa wamelala juu ya miraba myekundu kama kitambaa cha meza ya hoteli. Bahati yako ni kama amekaa karibu nawe mmoja wa vijana waliotoka jandoni karibuni, wale wanaovaa nguo nyeusi na kujichora uso kwa rangi nyeupe. Nguo zake ni hazina kwa mpiga picha. Uso wake umwombe augeuze pembeni, kwa heshima, na ukimaliza umnunulie soda.

Habari ya kukaa wapi nayo inanitoa jasho, maana watu hukata tiketi kwa kuangalia siti iliyo karibu na mlango tu. Basi likifika juu ya ukingo linapinda kushoto na kufuata ukingo wa kusini kuelekea magharibi. Kwa hiyo kreta inakuwa upande wa kulia, ndiyo kusema upande wa dereva. Ukirudi Karatu inakuwa upande wa mlango. Si siri ya serikali hiyo. Lakini kila safari nakuta mtu aliyekaa upande wa mlango akienda, anasimama kwenye njia ya katikati, ananyoosha mkono juu ya vichwa vya abiria wawili, na kupiga picha kwa mbali kupitia kioo cha watu wengine. Hapo amejiletea shati lake, mashati ya hao wawili, na dirisha lake mwenyewe lililo nyuma yake, ambalo sasa linaonekana kwenye picha kama televisheni imening'inia angani juu ya tembo.

Hilo dirisha la nyuma ndilo adui ambaye hakuna anayemfikiria. Mwanga unaokuharibia picha hautoki dirisha unalopigia, unatoka lile la upande wa pili. Mwezi Desemba jua la mchana kwetu huwa upande wa kusini, kwa hiyo basi likiwa ukingoni linapigwa ubavu wa kushoto, mwanga unakatiza ndani na kukupiga wewe uliye kulia ukiangalia kreta. Njia ya chini, ile ya kupita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, ina mtego kama huo na ni mkali zaidi. Asubuhi, ukienda kaskazini, Ol Doinyo Lengai iko kushoto, na jua la mashariki linauangaza mlima vizuri hata unatamani kuimba. Jua hilo hilo limeingia dirisha la kulia na kuwaangaza abiria wote, wakiwemo mama na mtoto wake, na beseni la plastiki la manjano. Mlima unatoka na beseni kichwani.

Dawa yake imening'inia hapo hapo. Ni pazia. Basi lina mapazia, na watu huyatumia kufutia mikono. Mwombe mtu wa upande wa jua avute pazia lake kwa dakika mbili. "Shikamoo mama, samahani, naomba unisaidie pazia nipige picha ya mlima." Akikubali, utaona kwa macho yako beseni linavyoyeyuka kwenye kioo. Asipokubali kwa sababu anasikia kichefuchefu na anataka hewa, mwache, kichefuchefu kina haki kuliko picha. Tumia pazia lako mwenyewe: ingiza kichwa na simu kati ya pazia na kioo, na mapazia yawe nyuma ya mgongo wako. Utaonekana kama mtu anayejificha asidaiwe nauli. Vumilia.

Simu yenyewe nayo ina utaratibu. Watu wengi huisimamisha katikati ya siti, nusu mita kutoka kwenye kioo, ili waone vizuri skrini. Katika nusu mita hiyo inaingia dunia nzima. Sogeza jicho la kamera hadi karibu kugusa kioo, umbali wa unene wa kidole, halafu zungushia kiganja au ncha ya shuka la giza kuziba nafasi iliyobaki. Faida ni mbili. Kwanza, hakuna mwanga wa pembeni unaopenya kuja kwenye jicho hilo. Pili, vumbi na mikwaruzo iliyo karibu mno na kamera haiwezi kuonekana kwa umbo lake, inayeyuka, na kamera inaacha kuhangaika nayo. Wale wa nusu mita ndio kamera yao huganda kwenye tone la matope kiooni, tone likatoka kwa ustadi mkubwa na kreta ikatoka kama uji.

Nimesema karibu kugusa, sijasema kugusa. Mpwa wangu akasoma mahali kwamba simu ibandikwe kwenye kioo. Kwenye gari lililosimama na kuzimwa, sawa, bandika hata kwa ulimi. Lakini baada ya Lodoare kioo cha basi kinatetemeka kama bati wakati wa upepo, na mtetemo wote huo unaingia kwenye simu. Mkono wa binadamu ni springi nzuri kuliko kioo, acha mkono ubebe simu. Tena simu za siku hizi zina macho mawili matatu nyuma, na mtu anaziba lile lisilotumika na kuacha lile linalopiga likiwa wazi. Ni rahisi kujua: pitisha kidole mbele ya macho hayo moja baada ya jingine, lile litakalotia giza kwenye skrini ndilo lenyewe. Ukivuta picha karibu, simu inaweza kuhamia jicho jingine bila kukuaga, kwa hiyo pima upya.

Na flashi! Jamani, flashi. Mtu anamulika kreta yenye upana wa kilomita kama kumi na tisa kwa kitaa cha ukubwa wa punje ya mtama. Mwanga ule haufiki hata kwenye majani ya kando ya barabara. Unaishia kiooni, unageuka, unarudi, na picha inakuwa na jua jeupe katikati. Izime kabla hujapanda basi. Usiiachie ijiamulie, maana ikiona giza la msitu itajiona inahitajika.

Kuna madirisha ambayo hata ukiyafanyia haya yote hayakubali. Lile la kusukuma, ukilifungua nusu, vioo viwili vinapandana, nyuso zinakuwa nne, na unapata sura mbili za shati moja, moja imeegemea nyingine kidogo. Pigia sehemu yenye kioo kimoja, au lifungue kabisa upige bila kioo, kama vumbi na jirani yako wataruhusu. Lile lenye tinti nalo ni balaa: tinti inapunguza mwanga wa kreta unaoingia, shati liko ndani halipungukiwi sawasawa, na rangi ya nyasi inageuka kuwa ya chai. Hapo weka simu mfukoni utazame kwa macho, ni bure.

Tena juu kule, zaidi ya mita elfu mbili na mia mbili, kuna baridi, na basi limejaa watu wanaopumua. Kioo kinafanya umande kwa ndani. Abiria anafuta kwa kiganja chenye mafuta ya maandazi ya Karatu, na sasa ana umande uliopakwa mafuta. Futa kwa kitambaa kikavu cha pamba, fungua upenyo mdogo hewa ipite, subiri kidogo. Na kama ukungu uko nje, kama unavyokuwa asubuhi nyingi, usifute kitu. Hiyo ndiyo kreta ya siku hiyo.

Mpwa huyo huyo hupenda kuja kwa Noah, kiti cha mbele, kwa sababu yeye ni mtu wa hadhi. Sasa Noah nyingi zimetandikwa juu ya dashibodi kitambaa cheupe cha manyoya, na juu yake kuna maua ya plastiki, risiti za mafuta na karatasi ya bima. Kioo cha mbele kimelala, na kilichotandikwa chini yake kinapanda moja kwa moja hadi machoni. Kila picha yake ya nyanda za Malanja ina manyoya. Twiga mmoja alionekana amevaa koti. Nikamwambia afanye mambo mawili. La kwanza, atandike shuka la giza juu ya dashibodi nzima, dereva akikubali, na dereva atakubali kwa sababu na yeye ataona barabara vizuri zaidi. La pili, aazime miwani ya jua ya dereva.

Hapa alinicheka, lakini si miwani yoyote. Ni ile ya polaroidi. Mwanga unaorudishwa na kioo kilicholala hutoka umepangika, unatetemeka zaidi kwa mwelekeo mmoja, na miwani ile imetengenezwa kuzuia mwelekeo huo. Shika lenzi moja ya miwani mbele ya jicho la simu, uizungushe polepole kama unatafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Kuna mahali manyoya yanatoweka. Huko ndiko pa kupigia. Kujua kama miwani ni ya kweli, itazame skrini ya simu kupitia kwayo huku ukiigeuza. Skrini nyingi hufifia au kuingia giza katika pembe fulani. Ile ya kuuzwa stendi kwa bei ya soda haifanyi kitu, ni rangi tu. Na ujue mipaka yake: inafanya kazi vizuri ukikitazama kioo kwa mshazari, kwenye digrii hamsini na kitu kutoka ile ya kukielekea moja kwa moja. Kwenye dirisha la basi unalolitazama uso kwa uso haisaidii, inakula mwanga wako bure.

Bila shaka mpwa akafurahi kupita kiasi. Alipopanda ndege Kilimanjaro kwenda Dar es Salaam akaishika ile miwani mbele ya simu, akapiga Kibo. Akaniletea picha nikadhani mlima umelipuka. Theluji ina zambarau, kijani na waridi kwa mawimbi, kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi. Dirisha la ndege ni la plastiki, na plastiki iliyovutwa na kukazwa hivyo inapinda ule mpangilio wa mwanga. Polaroidi ikikutana nayo inatoa upinde wa mvua. Kwenye ndege vua miwani. Rudi kwenye nguo nyeusi na kiganja, kaa upande usiopigwa na jua, mbele au nyuma ya bawa. Dirisha la ndege kubwa lina tabaka tatu, kila moja na nyuso zake za kurudisha mwanga, na hilo la ndani kabisa lipo kulinda mengine yasikwaruzwe na watu kama mpwa wangu. Katundu kadogo unakokaona chini kameachwa makusudi kwa ajili ya hewa na umande. Si ubovu. Usimwite mhudumu.

Picha nzuri kuliko zote nilizotumiwa mwaka huu ilitoka kwa bibi mmoja wa hapa kijijini ambaye hajui neno hata moja kati ya haya. Alikuwa akirudi kutoka hospitali Karatu, upande wa dereva, amejifunika shuka la bluu ya giza kichwani kwa sababu ya baridi, na simu ya mjukuu wake ameisogeza hadi kiooni kwa sababu macho yake ni dhaifu na alitaka kuona. Kreta yote imo, ukingo wa pili unaonekana, hakuna shati, hakuna pazia, hakuna methali. Nimewatumia ndugu zangu wote. Wamenijibu kwamba bila shaka basi la bibi lilikuwa limeoshwa.

Basi nina ombi moja kwa abiria wa njia hii. Kama unakata tiketi ya kuja Loliondo kwa kupitia Karatu na nia yako ni kulala tangu Makuyuni hadi Wasso, tafadhali kaa upande wa mlango. Upande wa dereva waachie wenye nguo nyeusi.